Nimkatalie vipi mwandishi bila kumvunja wala kumdanganya?

*Shikamoo Mwalimu,*

*Ninahariri jarida dogo la waendesha baiskeli, kazi niliyoirithi miezi minne tu iliyopita. Mwandishi mmoja wa nje, ambaye hatujawahi kumchapisha, ametuletea makala ya maneno 1,900 kuhusu kutunza baiskeli. Sehemu kubwa ni yale yale tuliyokwisha kuyatoa: osha, paka mafuta, jaza upepo. Ila katikati ana aya tatu anazoeleza jinsi alivyopima cheni yake kwa rula akagundua imechakaa. Nilipozisoma niliinuka nikaenda kupima yangu. Makala siwezi kuichapisha, lakini mtu huyu sitaki kumpoteza. Nimemwandikia hivi, bado sijatuma:*

*"Asante sana kwa makala yako nzuri. Tumeisoma kwa makini na tumeifurahia. Kwa bahati mbaya, kwa sasa haiendani na mahitaji yetu. Pia ni ndefu kidogo na utangulizi unaweza kuboreshwa. Usikate tamaa, endelea kuandika, na karibu tena."*

*Nikiisoma naona kuna kitu hakijakaa sawa, ila sijui ni kipi. Makala yake nimekuambatishia. Nirekebishe nini?*

*Mhariri mchanga*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kutoituma.

Hebu isome barua yako ukiwa upande wa pili. Mtu yuko kwenye foleni, simu inalia, na juu ya kioo yanatokea maneno machache ya mwanzo: "Asante sana kwa makala yako nzuri. Tumeisoma kwa makini na tumeifurahia." Moyo unamdunda. Anafungua, na sentensi ya tatu inamwangusha. Umempandisha ili aanguke kutoka juu zaidi, na hukukusudia.

Kisha anaanza kutafuta sababu. "Haiendani na mahitaji yetu" haimwambii kitu, kwa kuwa mahitaji yenu hayajui. "Kwa sasa" inamwambia ajaribu tena mwezi ujao. Halafu anafika kwenye "ndefu kidogo" na "utangulizi unaweza kuboreshwa", na hapo anashika kalamu, kwa sababu hayo ndiyo maneno pekee katika barua nzima anayoweza kuyafanyia kazi. Usiku huo huo atapunguza maneno 400, ataandika utangulizi mpya, na kesho asubuhi makala itakuwa mezani kwako, fupi, yenye mwanzo mzuri, na bado huitaki. Utamwambia nini?

Najua kwa sababu yalinipata. Nikiwa mhariri wa miaka michache, nilimwandikia mwandishi kwamba makala yake ilikuwa ndefu mno. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumetoa makala inayofanana nayo sana, ila kusema "imezidiwa na nyingine" niliona ni ukatili, na urefu niliona ni sababu ya upole. Aliikata nusu akairudisha. Nikaona aibu, nikatafuta kasoro nyingine: mifano haitoshi. Akaongeza mifano akairudisha. Mara ya tatu nilikaa kimya, naye akaniandikia mstari mmoja tu, akiniuliza kama kuna jambo lolote angeweza kulifanya ambalo lingebadilisha jibu langu. Halikuwepo tangu siku ya kwanza. Nilimpotezea wiki sita kwa kujifanya mpole.

Ndiyo maana nashikilia kwamba sababu unayoiandika kwenye barua ya kukataa ni ahadi. Ukisema "nimekataa kwa sababu ya A", mwandishi anasikia "ukiondoa A, nitakubali", na ana haki ya kusikia hivyo. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote, chukua karatasi uandike, "Ningeichapisha makala hii kama...", kisha umalizie kwa ukweli. Ukimalizia "kama ingekuwa fupi", jiulize: ikija fupi kesho, naichapisha? Kama jibu ni hapana, urefu si sababu, ni kasoro iliyo karibu na mkono. Futa ujaribu tena.

Kwa makala hii nilijaribu mwenyewe baada ya kuisoma, na jibu langu ni hili: ningeichapisha kama ingekuwa zile aya tatu peke yake. Angalia linavyobadilisha mambo. Urefu na utangulizi havina umuhimu tena, maana aya sita za mwanzo zinaondoka zote. Hakuna haja ya kumfundisha mtu kupiga rangi ukuta utakaobomolewa. Usiyataje kabisa.

Sasa tuje kwenye sifa, maana hapo ndipo barua yako ilipokuwa nyembamba zaidi. "Makala nzuri" ni maneno unayoweza kumwambia yeyote, hata ambaye hukumsoma, na waandishi wanalijua hilo. Wewe una ushahidi bora zaidi, nao umenipa mimi badala ya kumpa mwenyewe: uliinuka ukaenda kupima cheni yako. Mwambie hivyo. Mtaje aya, mnukuu sentensi yake. Mimi iliyonishika ni hii ya aya ya 8, "Nilidhani rula inanidanganya, nikahesabu pini upya." Mwandishi akiona sentensi yake imenukuliwa, anajua kuna mtu aliyemsoma, na zaidi ya hapo anajua ni sauti ipi airudie. Mara nyingi mtu hajui ni kipande kipi cha kazi yake kilicho hai. Huyu hajui, ndiyo maana amekifunika kwa aya sita za kuosha na kupaka mafuta.

Ila usiishie kwenye sifa, kwa kuwa zile aya tatu zina pengo, na mhariri anayejua anachokihariri hapaswi kuliacha. Anasema aliweka rula, akahesabu pini 24, akaona "imezidi kama milimita mbili", akabadilisha cheni. Hasemi rula aliianzia wapi, wala kwa nini milimita mbili ziwe nyingi. Wewe na mimi tunajua. Kwenye cheni ya kawaida ya baiskeli, kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ukiweka sifuri ya rula katikati ya pini moja ukahesabu nafasi 24, katikati ya pini ya mwisho lazima iangukie inchi 12 kamili, sawa na milimita 304.8. Ikipita hapo kwa moja ya kumi na sita ya inchi, karibu milimita 1.6, wakati wa kuibadilisha umefika. Ikipita moja ya nane, zaidi kidogo ya milimita tatu, huenda meno ya gia nayo yamekwisha kulika, na cheni mpya itarukaruka juu yake. Kwa hiyo milimita mbili zake zilikuwa ushahidi wa kutosha, na aliwahi kabla hajaharibu gia. Hiyo ni habari njema ambayo hakuisimulia.

Ona pia alivyoihesabu: anasema "pini 24". Je, ni pini 24 au nafasi 24? Anayehesabu pini ya kwanza kuwa "moja" akaishia kwenye ya 24 amepima nafasi 23, na cheni yake itaonekana fupi kwa nusu inchi nzima. Msomaji wako atafanya kosa hilo hilo.

Lakini usimwandikie haya niliyokueleza. Najua inavutia kuonyesha kwamba unajua. Ukimpa majibu, makala itakayorudi itakuwa na sauti yako ndani ya jina lake. Mpe maswali mawili ambayo ulibaki nayo ukiwa msomaji: rula uliianzia wapi hasa, na ulijuaje kwamba milimita mbili zimezidi? Maneno kama "nilipofika hapa nilijiuliza" hufanya kazi kuliko "hapa rekebisha", kwa sababu hakuna anayeweza kubishana na kile ulichojiuliza. Mawili yanatosha. Nimeona wahariri wakirudisha makala waliyoikataa ikiwa na alama nyekundu kila mstari, wakidhani ni ukarimu. Anayeipokea huchukua kwamba imekubaliwa na hizo ni kazi za kumalizia, au hulemewa akaiacha.

Kuhusu mlango. Mwandishi akishajua umekataa, swali lake la pili ni "sasa nifanye nini", na "karibu tena" halimjibu. Kuna hali tatu, na ni lazima mwenyewe ujue uko kwenye ipi: makala imekwisha, basi; makala imekwisha ila ningependa kusoma kitu kingine chako; au irudishe ukishabadilisha hiki na hiki. Wewe uko kwenye ya pili, ingawa inafanana na ya tatu, kwa sababu unachotaka ni makala mpya iliyozaliwa ndani ya ile. Liseme wazi. Ndiyo maana pia nakuonya na neno "ilivyo". Ukisema "sitaichapisha ilivyo", umemwambia aitengeneze, atakurudishia zile aya zote zikiwa zimesuguliwa. Sema "sitaichapisha", nukta.

Nayo isemwe mapema, sentensi ya pili au ya tatu, kabla ya sifa. Watu wengi huogopa mpangilio huu. Mimi nimeuona ukifanya kazi kwa sababu moja: sifa inayotangulia hukumu husomwa kama dawa ya kupoza, na inayokuja baada ya hukumu husomwa kama ukweli, kwani mhariri hana tena cha kuficha. Nafsi nayo iwe "mimi", si "sisi". Aliyeamua ni wewe.

Mimi ningemwandikia hivi. Kichwa cha barua kiwe cha kawaida tu, "Kuhusu makala yako ya kutunza baiskeli", kisicho na "hongera" wala "samahani":

> Ndugu mwandishi,
>
> Asante kwa kututumia makala yako. Nimeisoma mara mbili, na sitaichapisha. Nakueleza sababu kwa urefu kidogo, kwa kuwa ndani yake kuna kitu ningependa kukisoma zaidi.
>
> Sababu ni moja. Aya ya 1 hadi ya 6, na kuanzia ya 10 hadi mwisho, zinahusu kuosha, kupaka mafuta na kujaza upepo. Hayo tumeyachapisha si zamani, na msomaji wetu angeona anarudishwa nyuma.
>
> Aya ya 7 hadi ya 9 ni jambo jingine. Nilipofika pale unaposema "Nilidhani rula inanidanganya, nikahesabu pini upya," niliiacha makala nikaenda kupima cheni yangu. Kipimo hicho hatujawahi kukigusa, na umekisimulia kama mtu aliyekifanya kwa mikono yake.
>
> Ukipenda kuandika makala mpya inayohusu kipimo hicho peke yake, ya maneno kama 800, ningefurahi kuisoma. Nilibaki na maswali mawili: rula uliianzia wapi hasa kwenye pini, na ulijuaje kwamba milimita mbili zimezidi? Msomaji akipata majibu hayo ataweza kupima ya kwake bila kukuuliza. Siwezi kuahidi kuichapisha kabla sijaiona, ila nitaisoma mimi mwenyewe na kukujibu ndani ya wiki mbili.
>
> Makala uliyonitumia ni yako. Uko huru kuipeleka kwingine wakati wowote. Naomba tu unijulishe kama zile aya tatu zitatoka mahali pengine kwanza.
>
> Wako,
> Mhariri

Ni maneno chini ya 250. Haina "kwa bahati mbaya", kwa kuwa bahati haikuhusika. Haina "usikate tamaa" pia, maneno ambayo huwa yanampa mtu wazo la kukata tamaa ambalo hakuwa nalo.

Sentensi ya "siwezi kuahidi" unaweza kuiona baridi. Iache. Bila hiyo, "ningefurahi kuisoma" itageuka kuwa "tumekubaliana" ndani ya siku mbili. Na zile wiki mbili usiziandike kama huna uhakika nazo. Andika nne uzitimize. Ile aya ya mwisho kuhusu uhuru wake nayo wahariri wengi huisahau, na mwandishi mwenye adabu hubaki ameishikilia makala miezi akidhani bado iko kwako.

Jambo moja linalonisumbua, nikuambie wazi. Umeshaona mada nzuri, na kwenye jarida dogo mara nyingi mhariri ndiye mwandishi pia. Usije ukaandika wewe makala ya kupima cheni, wala kumpa mwandishi mwingine, huku huyu akisubiri. Kipimo chenyewe si mali ya mtu, kila fundi anakijua. Lakini yeye ataona umemkatalia mlangoni ukamchukulia mzigo dirishani, na hutakuwa na la kujitetea. Kama baada ya miezi hajaandika na mada bado unaihitaji, mwandikie kwanza umuulize.

Barua ya namna hii itakuchukua nusu saa mpaka uzoee, basi usidhani kila mtu anakudai nusu saa. Aliyekutumia tangazo la biashara lililovaa joho la makala, au ambaye hajawahi hata kulisoma jarida lenu, anatosha na mistari miwili ya adabu: asante, hatutaichapisha, kila la heri. Hapo usiongeze sababu hata moja. Barua ndefu ni ya yule ambaye umeweza kumalizia ile sentensi ya "ningeichapisha kama..." bila kujikuna kichwa. Kwangu mimi huwa ni wachache sana kati ya makala ninazozikataa.

Baada ya kutuma, utarajie moja ya mambo matatu. Akikujibu kwa kubishana, kwamba aya za kuosha nazo ni muhimu, mjibu mara moja, kwa ufupi, kwamba umemwelewa na uamuzi uko pale pale. Ukifungua mjadala, utajikuta unaongeza sababu mpya, na kila sababu mpya ni ahadi nyingine. Akikaa kimya, usimfuatilie wiki ya kwanza; wengine huifunga barua ya aina hii, wakairudia baada ya mwezi hasira zikishapoa, na hapo ndipo wanapoiona ile sehemu ya aya ya 7 hadi ya 9.

La tatu ndilo gumu zaidi: atakuletea makala mpya baada ya saa tatu. Mara nyingi itakuwa ni zile aya tatu zilizokatwa na kubandikwa, zikaongezwa sentensi mbili za kujibu maswali yako. Isome kwa haki, lakini angalia kitu kimoja: je, mimi msomaji naweza kuchukua rula sasa hivi nikapima? Kama bado sijui sifuri naiweka wapi, mwambie hilo tu, kwa sentensi moja, na usubiri.

Hifadhi nakala ya barua yako pamoja na makala yake ya kwanza kwenye folda moja yenye jina lake. Akirudi baada ya miezi mitatu, yeye atakuwa anakumbuka kila neno ulilomwandikia, na wewe utakuwa umeshasoma makala nyingine mia.